Slaidi 58 za figo: ufuate mpangilio wa mhadhiri, uvunje upange upya, au uanze na maana za maneno?

Kuna lekcha moja ya fiziolojia ya figo niliwahi kupewa kwenye PDF, kurasa 58, na kila ukurasa umejaa mistari kumi na kitu ya maandishi madogo, mishale kila kona, grafu mbili tatu na majedwali yaliyobanwa mpaka namba zinagusana. Ukiisoma hivohivo ilivyo usiku wa kuamkia pepa unamaliza huku hujui ulichosoma. Kwa hiyo lazima igeuzwe notsi za marudio, zenye vichwa na zenye maana za maneno muhimu, na hapo ndo ubishi unaanzia kwa sababu kila mtu ana njia yake na kila mtu anaapa kwamba yake ndo yenyewe.

Mimi hizo slaidi za figo nimezipitisha kwenye njia tatu kwa nyakati tofauti, sasa naweza kuziweka ubavu kwa ubavu kwa kutumia mada ileile. Njia ya kwanza unafuata mpangilio wa mhadhiri, slaidi baada ya slaidi, unafupisha tu. Njia ya pili unavunja kila kitu unakipanga upya chini ya vichwa ambavyo ni maswali. Njia ya tatu unaanza na maneno, unatoa kila istilahi na maana yake kwenye jedwali, halafu vichwa vinakuja baadaye. Watu wengi hapo watauliza na karatasi ya Cornell je, ile ya kugawa ukurasa safu mbili, ya kushoto nyembamba ya maswali na ya kulia pana ya maelezo, chini muhtasari. Ile ni namna ya kuchora ukurasa, unaweza kuitumia kwenye njia yoyote kati ya hizi tatu, haikuambii kipi kikae wapi, kwa hiyo siihesabu.

Kabla ya njia yoyote kuna kusafisha. Kurasa 58 siyo slaidi 58. Mhadhiri akiwa ametengeneza slaidi zinazojitokeza kipande kwa kipande, baadhi ya programu zikigeuza kuwa PDF kila kipande kinakuwa ukurasa wake, kwa hiyo ukurasa wa 16, 17 na 18 ni kitu kilekile kinaongezeka mstari mmoja mmoja, unabakiza wa mwisho tu baada ya kuhakikisha hakuna kilichofutwa njiani. Kwangu nilitoa kurasa 16 za namna hiyo, nikatoa na tano za jina la mada, ratiba, picha ya pambo, ukurasa wa maswali na ule wa vitabu, zikabaki 37. Ila namba za kurasa za mwanzo usizibadilishe, utazihitaji sana mbele huko.

Na kama unataka maandishi yatoke yote kwa mpigo ili usichape upya, hii inatosha:

```
pdftotext -layout figo.pdf figo.txt
```

Faili likitoka tupu maana yake slaidi zimeskaniwa, ni picha, hakuna maandishi ya kuchota. Likitoka limejaa usifurahi haraka, kwa sababu grafu zote hazimo, zitabaki namba za mihimili zinaelea peke yake bila mstari. Wanaofungua kwenye PowerPoint na kutegemea ule mwonekano wa muhtasari wajue kwamba unaonyesha tu maandishi yaliyoandikwa kwenye nafasi maalumu za kichwa na mwili wa slaidi. Yale ambayo mhadhiri aliyaweka kwenye kisanduku alichokichora mwenyewe hayaonekani kabisa, na mara nyingi ndo humo alimoandika "muhimu" kwa rangi nyekundu. Nimeshaona mtu anaandaa notsi nzima kutoka kwenye ule muhtasari na maana tatu za msingi hazimo.

Haya, njia ya kwanza, kufuata mpangilio. Uzuri wake ni mwepesi kuanza na hakuna kinachopotea, unashuka tu. Slaidi zenye kichwa kimoja zikifuatana, ile "ufyonzaji", "ufyonzaji, inaendelea", unaziunganisha ziwe kichwa kimoja, unaondoa marudio, unaandika namba ya ukurasa pembeni. Mimi ilinichukua kama saa mbili hivi kwa zile 37, nikapata kurasa tisa za notsi.

Ila kazi kubwa ya njia hii watu wanairuka, nayo ni kurudisha vitenzi. Slaidi imeandikwa vipande vipande kwa sababu mhadhiri alikuwa anasimama mbele anazungumza, kitenzi kilikuwa mdomoni mwake. Chukua mstari huu, ulikuwa ukurasa wa 48 hivihivi:

ADH → akwaporini → maji

Mishale miwili. Ukinakili hivo kwenye notsi umehamisha tu wino. Mshale wa kwanza maana yake ni kwamba homoni ya ADH inazifanya seli za mrija wa kukusanyia mkojo zipeleke milango ya maji, yaani akwaporini, kwenye utando wao wa upande wa mkojo. Mshale wa pili maana yake ni kwamba milango ikishakaa pale, maji yanapita yenyewe kurudi mwilini yakivutwa na chumvi nyingi iliyopo nje ya mrija. Yaani mshale mmoja ni amri na mwingine ni njia kufunguka, na alama waliyopewa ni ileile. Mtihani ukiuliza kwa nini mtu asiye na ADH anakojoa mkojo mwingi mwepesi, jibu liko kwenye vile vitenzi viwili, kwenye mishale halipo. Kwa hiyo kipimo changu cha notsi za njia ya kwanza ni hiki tu: kila mshale umegeuzwa kuwa sentensi yenye kitenzi, au bado? Kama mshale huwezi kuugeuza basi pale hujaelewa, weka alama urudi.

Sasa ubaya wake. Njia hii inabeba mpangilio wa mhadhiri pamoja na kasoro zake zote. Mhadhiri hupanga kwa ajili ya kufundisha, anagusa kitu leo kidogo, anakirudia mbele, anakimalizia mwishoni kwenye mambo ya ugonjwa, na kwa kufundisha hiyo ni sawa kabisa. Kwa kurudia ni shida kwa sababu kitu kimoja kimetawanyika sehemu sita na wewe ubongoni unakipokea kama vitu sita.

Niwaonyeshe kilichonipata. Kwenye notsi zangu za njia ya kwanza nilikuwa nimeandika hivi, kila mstari na ukurasa wake:

(9) Figo huchuja kama 125 mL za majimaji ya damu kwa dakika.
(27) Glukosi yote iliyochujwa hufyonzwa kurudi damuni, sehemu ya kwanza ya mrija.
(28) Tm ya glukosi, yaani kasi ya juu kabisa ambayo figo zinaweza kuirudisha damuni, ni kama 375 mg kwa dakika.
(39) Glukosi huanza kuonekana kwenye mkojo ikifika kama 180 mg/dL kwenye damu.

Mistari minne na yote ni ya kweli, nimeifupisha vizuri, hakuna kosa. Nilisoma hizo notsi mara tatu. Halafu kwenye pepa likaja swali linaloomba ueleze kwa nini glukosi huonekana kwenye mkojo kabla ya Tm kufikiwa, na mimi sikuwa nimewahi hata kugundua kwamba inaonekana kabla! Nilikuwa na namba mbili, moja ukurasa wa notsi wa nne na nyingine wa saba, hazijawahi kukaa jirani. Niliandika maana ya hiki na maana ya kile, sawasawa kabisa, nikapata alama za maana, alama za maelezo zikapita pembeni.

Ndo maana nikaenda njia ya pili. Hapa unaanza na vichwa tupu kwanza, na kila kichwa kinaandikwa kama swali ambalo mtu anaweza kukuuliza ukajibu kwa dakika mbili tatu. Siyo "Ufyonzaji wa glukosi". Hicho ni jina la mada, hakikuambii umemaliza lini, unaweza kutupia chochote chini yake kikakaa. Mimi kwa slaidi 37 nilipata vichwa saba, na nadhani ukizidi kumi umeanza kurudi kwenye slaidi kwa mlango wa nyuma. Kimojawapo kilikuwa hiki: "Kwa nini mkojo wa mtu mzima wa afya hauna glukosi, na ni lini inaanza kuonekana?"

Halafu unachukua neno la swali, hapa ni glukosi, unabonyeza Ctrl+F kwenye PDF unaona liko wapi na wapi. Lilikuwa ukurasa wa 11, 27, 28, 39, 44 na 51. Ukizisoma hizo unagundua zinaegemea vitu vingine viwili ambavyo havitaji glukosi kabisa, kasi ya kuchuja kwenye ukurasa wa 9 na fomula ya kiasi kinachochujwa kwenye ukurasa wa 14. Hizo Ctrl+F haitakupa, unazipata kwa kujiuliza "hii namba imetoka wapi". Zote nane zinakuja chini ya kichwa kimoja, na zikishakaa pamoja zinaanza kugombana zenyewe, na ule ugomvi ndo unautaka.

Tazama. Mtu mwenye glukosi ya 100 mg/dL, ambayo ni sawa na 1 mg kwa kila mL. Figo zinachuja 125 mL kwa dakika, kwa hiyo glukosi inayochujwa ni 125 × 1, yaani 125 mg kwa dakika. Vibebaji vya kuirudisha damuni vina uwezo wa 375 mg kwa dakika, mara tatu ya kazi iliyopo, basi yote inarudi na mkojo unabaki hauna kitu. Safi. Sasa kwa hesabu hiyohiyo vibebaji vitajaa lini? 375 gawanya kwa 125 unapata 3 mg kwa mL, yaani 300 mg/dL. Lakini ukurasa wa 39 unasema 180! Na kwenye 180 kinachochujwa ni 1.8 × 125, sawa na 225 mg kwa dakika, bado mbali sana na 375. Imekuwaje glukosi imeshaanza kutoka?

Hapo nilisimama nikadhani mhadhiri amekosea kuchapa. Hajakosea. Jibu lilikuwa ukurasa wa 44, kwenye grafu, kile kipande ambacho mstari unapinda taratibu badala ya kukunjika kona kali. Ile 375 ni jumla ya nefroni zote za figo mbili zikiwa zimefika mwisho wa uwezo wao, na nefroni hazilingani. Zipo zinazopokea glukosi nyingi kuliko vibebaji vyake vinavyoweza kubeba, hizo zinazidiwa mapema na kuanza kumwaga wakati wenzake bado wana nafasi. Halafu vibebaji vyenyewe havishiki kila chembe mpaka kiti cha mwisho kijae, vikikaribia kujaa vinaanza kupitwa. Kwa hiyo 180 ni pale wa kwanza wanapoanza kumwaga, na jumla haitulii kwenye 375 mpaka damu ipite 300 huko. Namba mbili zinasema vitu viwili tofauti na zote ni sahihi.

Hii kitu njia ya kwanza isingenipa hata ningesoma mara kumi, kwa sababu haikunilazimisha kuziweka jirani. Hiyo ndo faida halisi ya kupanga upya kwa maswali. Kwamba notsi zinapendeza ni ziada tu, la msingi ni kwamba vitu vinavyogongana vinagongana mbele ya macho yako ukiwa bado na muda wa kuuliza.

Na grafu yenyewe lazima iandikwe kwa maneno, usibandike picha ukaondoka. Mimi niliandika: mhimili wa chini ni glukosi ya kwenye damu, wa wima ni mg kwa dakika. Mstari wa kinachochujwa unapanda moja kwa moja haukomi. Mstari wa kinachorudishwa unapanda nao pamoja, unaanza kuachana nao karibu na 180, unapinda, kisha unalala kwenye 375. Mstari wa kinachotoka kwenye mkojo uko sifuri mpaka karibu na 180, unaanza kupanda taratibu, na baada ya vibebaji kujaa kabisa unapanda sambamba na ule wa kinachochujwa, kwa sababu kila kinachoongezeka sasa kinatoka chote. Sentensi nne, na ukiweza kuziandika bila kuangalia grafu unaweza kuichora.

Gharama yake ni muda. Hizo slaidi 37 kwa njia ya pili zilinila kama saa tano, ukichanganya na kusimama na kutafakari. Na kuna hatari moja kubwa ambayo njia ya kwanza haina: kuacha kitu. Ukishaanza kuchota huku na kule, slaidi ambayo haijibu swali lako lolote inabaki nyuma na hakuna kengele itakayolia. Dawa yake ni ndogo, andika namba za kurasa zote 37 kwenye karatasi, kila ukitumia ukurasa unaukata, na kila mstari wa notsi unabeba namba yake kwenye mabano. Mwishoni angalia zilizobaki. Kwangu zilibaki tano. Tatu zilikuwa picha za kuelekeza tu, lakini mbili zilikuwa grafu ambazo nilizikwepa bila kujua kwamba nazikwepa, na moja kati ya hizo ni hiyo ya 44 niliyowaambia. Kwa hiyo hapo juu nilivyosema zote nane zilikuja pamoja, ukweli ni kwamba zilikuja saba kwanza, ya nane niliipata kwenye orodha ya mabaki baada ya kukwama na ile 180.

Njia ya tatu sasa, kuanza na maneno. Hii inapendwa sana na watu wa masomo yenye istilahi nyingi na mimi sibishi, kuna mahali ni ya lazima. Unapita slaidi zote mara moja bila kuandika notsi yoyote, unachukua kila neno ambalo limetumika kana kwamba unalijua. Kwenye figo nilipata kama 30, nikabakiza 14, yale ambayo ukiyakosa sentensi nyingine hazisomeki.

Kinachofanya jedwali la maana liwe na kazi ni safu ya mwisho, ile ya "usichanganye na". Slaidi nyingi zinatoa maana ya neno peke yake, ilhali mtihani unapima mpaka kati ya neno na jirani yake. Kipande cha jedwali langu:

| Neno | Maana | Kipimo | Usichanganye na |
|---|---|---|---|
| Usukumaji | Kitu kutoka damuni kuingizwa ndani ya mrija wa nefroni | mg kwa dakika | Utoaji |
| Utoaji | Kitu kuondoka mwilini kupitia mkojo | mg kwa dakika | Usukumaji |
| Tm | Kasi ya juu kabisa ambayo figo zote zinaweza kurudisha kitu damuni | mg kwa dakika | Kizingiti |
| Kizingiti cha figo | Kiwango cha kitu kwenye damu ambacho kikifikiwa kitu hicho huanza kuonekana kwenye mkojo | mg/dL | Tm |

Angalia safu ya kipimo tafadhali, hasa mistari miwili ya mwisho. Tm ni kasi, kizingiti ni ukolezi. Mtu anayeandika "Tm ya glukosi ni 180" amekosea hata kabla hujauliza namba, kwa sababu kipimo hakifanani. Slaidi ya 39 haikuandika kipimo kwenye kichwa chake, kilikuwa kwenye mhimili wa picha, ndo maana kwenye notsi za kwanza sikukiona kama tofauti. Kwa hiyo kila neno lenye namba lipewe kipimo chake, na kama slaidi haina, kitafute kwenye grafu au fomula. Kwa maneno yasiyo na kipimo acha wazi, usijaze kwa ajili ya kujaza.

Usukumaji na utoaji nao wanaua watu. Fomula ni moja, ilikuwa ukurasa wa 10:

kinachotoka = kilichochujwa − kilichorudishwa + kilichosukumwa

Ukishaiona hiyo unajua utoaji ni jumla ya mwisho na usukumaji ni mchango mmoja ndani yake, mpaka umechorwa. Ningekuwa nachagua sehemu moja ya kuweka fomula kwenye notsi nzima ni pale chini ya jedwali.

Udhaifu wa njia ya tatu ni kwamba inaishia kwenye maneno. Jedwali langu lilichukua saa moja na nusu, nilikuwa najua kila fasili kwa moyo, ukiniuliza Tm nakutajia bila kupumua, lakini swali la kwa nini glukosi inaonekana mapema halimo kwenye jedwali lolote. Maana ya neno inakuambia kitu ni nini, haikuambii kinasababisha nini. Ukiona notsi zako zote zinaanza na "ni" hakuna hata sentensi moja yenye "kwa sababu" au "kwa hiyo", uko kwenye njia ya tatu peke yake na pepa la maelezo litakuumiza. Kwa pepa la kuchagua jibu inaweza ikakutosha, hilo nalikubali.

Sasa unachagua vipi? Mimi siangalii muda kwanza, naangalia slaidi zenyewe, na naangalia kwa kitu ambacho hakizidi dakika tano. Chukua maneno matatu makubwa ya mada, piga Ctrl+F kila moja, andika kurasa zinazotokea. Kama kila neno linakaa kwenye kurasa zinazofuatana, sema 30 mpaka 34, halafu linapotea, basi mhadhiri ameshapanga kwa vitu na ukivunja utaharibu, fuata mpangilio wake. Kama neno limetapakaa kama glukosi ilivyokuwa, 11, 27, 28, 39, 44, 51, panga upya kwa maswali, hakuna ujanja mwingine. Na kama ukisoma slaidi tano za mwanzo unakutana na maneno mengi ambayo huwezi kuyaeleza, anza na jedwali hata kama njia nyingine ndo unaitaka, kwa sababu huwezi kuandika kichwa cha swali kwa maneno usiyoyajua, utaandika swali la uongo.

Kuna na hali ya kuishiwa muda, kesho asubuhi pepa na sasa hivi usiku. Hapo usijaribu njia ya pili kwa slaidi zote, utafika nusu na nusu nyingine itabaki haijaguswa kabisa, na hiyo ni mbaya kuliko notsi za juujuu za kila kitu. Fuata mpangilio, geuza mishale kuwa sentensi, halafu chagua neno moja tu lililotapakaa kuliko yote, lile lifanyie kichwa cha swali. Kwenye figo ningechagua glukosi au sodiamu.

Jambo moja ambalo lilinichukua muda kulielewa ni kwamba lekcha moja siyo lazima ipate njia moja. Kurasa za 30 mpaka 38 za hizo slaidi zilikuwa za kitanzi cha Henle, na nilipojaribu kuzivunja kwa maswali niliharibu. Pale mpangilio wa slaidi ni mpangilio wa majimaji yenyewe yanavyosafiri. Yanaingia yakiwa na ukolezi wa kama 300 mOsm/L, yanashuka mguu wa kwanza unaopitisha maji na kubana chumvi, kwa hiyo yanakolea, chini kabisa kwenye kona yanaweza kufika 1200, halafu yanapanda mguu wa pili unaofanya kinyume, chumvi inatoka na maji hayapiti, kwa hiyo yanapungua ukolezi mpaka yanatoka juu yakiwa kama 100. Ukiuliza "maji yanapita wapi" ukakusanya, kisha "chumvi inapita wapi" ukakusanya, umekata safari vipande viwili na mtu hawezi tena kuona kwa nini 300 imekuwa 1200 ikawa 100. Niliirudisha ilivyokuwa, kichwa kimoja, hatua kwa hatua, na kila hatua ina namba yake ya ukolezi na namba ya ukurasa.

Kwa hiyo notsi za mwisho za figo, zile ninazozitumia mpaka leo nikimsaidia mtu, zina kurasa sita. Ukurasa wa kwanza ni jedwali la maneno 14 na ile fomula chini yake. Zinafuata kurasa nne za vichwa vya maswali, kuchuja, glukosi, sodiamu, usukumaji wa dawa na asidi, ADH, na kile cha ukurasa wa 51, kwa nini mwenye kisukari anakojoa sana, ambacho jibu lake ni kwamba glukosi iliyobaki ndani ya mrija inashikilia maji yasirudi. Wa sita ni kitanzi cha Henle kilivyo kwenye slaidi, na nafasi tupu nusu ukurasa ya kuchora ile grafu ya 44 bila kuangalia.

Nikianza kurudia naanza na hiyo nafasi tupu. Nikichora nikakosea mahali mstari wa mkojo unapoanza kupanda, najua nirudi kichwa kipi, na mabano yake yananiambia nifungue ukurasa gani wa slaidi.